Hotuba ya kumuaga Mama Upendo

Bwana Yesu asifiwe, asalaam aleikum. Meneja shikamoo, wenzangu wa kiwandani na maabara habari za mchana, ndugu zetu mlioshuka kutoka Kibosho karibuni sana Moshi mjini. Baba Upendo, shikamoo mzee wangu, umetuazima mama miaka 34 na leo tunamrudisha nyumbani akiwa mzima, tunashukuru.

Nimeandika kwenye simu kwa sababu najua nikimwangalia usoni nitasahau nusu.

Mama Upendo aliingia hapa 1991, ana miaka 26, akawekwa ukumbi wa kuchambua kahawa kwa mkono. Wale mnaojua kazi ile mnajua, unakaa tangu asubuhi unatoa punje nyeusi, zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika, mpaka jioni ukifumba macho bado unaziona. Wengi walipita pale wakaondoka, yeye akawa anauliza maswali, kwa nini hii AA na ile AB, kwa nini PB inatengwa peke yake, mpaka mzee mmoja wa maabara akasema huyu binti mleteni huku. Ndo hivyo akafika kwenye meza ya kuonja na hajatoka tena.

Sasa mimi nilimkuta. Mwezi wangu wa pili hapa nilichanganya sampuli za vyama viwili vya msingi, trei moja nikaibandika namba ya nyingine. Aliligundua yeye, kwenye kikombe. Alivuta kijiko mara moja, akatema, akanyamaza, akavuta tena, akaniambia taratibu, "Mwanangu, hii siyo kahawa ya juu mlimani, hii imetoka chini kwenye joto, hebu kaangalie namba zako." Nikaenda kuangalia nikakuta ni kweli. Hakupiga kelele wala hakunipeleka kwa mtu, ila tulikaanga upya sampuli zote, tukasaga upya, maji ya moto, dakika 4, tukavunja povu, vikombe vyote mpaka saa mbili usiku, na yeye alikaa na mimi hadi mwisho wakati Hiace za Kibosho zilishaanza kuwa za kugombania. Akaniambia mkulima ametunza ile mibuni mwaka mzima, amepambana na chulebuni, amepambana na kutu ya majani, halafu sisi tumpe bei ya mtu mwingine kwa sababu ya karatasi? Maneno hayo ndo ninayowaambia vijana wote wanaoanza, na leo mjue yalitoka kwa nani.

Halafu ule msimu kipima unyevu kiliharibika, mafundi wanasema subirini, malori yamejaa getini. Mama anatia mkono ndani ya gunia mpaka kiwikoni, anachukua kiganja kimoja, anamenya ganda, anauma punje kwa jino la pembeni. "Hii bado, ina kama 13, irudi juani." Dereva alikasirika sana siku ile. Kipima kilipotengenezwa tukapima ile sampuli tuliyoweka, 13 kasoro kidogo. Kahawa tunataka isizidi 12 maana ikilala ghalani na maji inaota ukungu, na gunia moja la ukungu haliishii kuwa gunia moja. Wenye mzigo ule baadaye walikuja wenyewe kumshukuru, walileta ndizi mkungu mzima.

Na siyo kahawa tu. Kuna mwaka wenzetu wawili hapa hawakusalimiana miezi mitatu, majina siwataji wako humu ndani wanacheka. Mama alikuja asubuhi na jani la isale kutoka kihambani kwake, akaliweka katikati ya meza ya kuonjea, akaendelea na kazi zake hajasema neno. Kwa Wachagga jani lile likishawekwa mbele yako hukatai kusamehe. Kufika chai wakawa wanacheka pamoja.

Mama, tumechangishana wote, kuanzia walinzi mpaka ofisi ya juu. Ulishasema ukistaafu unang'oa mibuni ya zamani kule kihambani upande miche mipya inayovumilia chulebuni, sasa miche midogo inataka maji, kwa hiyo simtanki ya lita 1,000 iko nje kwenye pikapu na itapanda na wewe leo hii. Pia yule mtamba uliyekuwa unamtolea macho kwa jirani yako, tumeshaongea na mwenyewe, kesho asubuhi analetwa kwako. Samadi utapata.

Kijiko chako kile cha kuonjea, chenye mpini uliopinda kidogo, nimekiosha nikakifunga kwenye kitambaa, nimemkabidhi Baba Upendo. Hakuna mwingine humu atakayekitumia.

Miche ikizaa, trei ya kwanza uilete hapa. Nitakukaangia mwenyewe, na namba nitaibandika mara mbili.

Asante mama yangu. Asante sana.