Andalio la Somo: Duara lenye Nusu Kipenyo cha Kizio Kimoja

Darasa: Kidato cha Nne, mkondo B, wanafunzi 48
Somo: Hisabati
Mada: Trigonometria
Muda: Vipindi viwili mfululizo, dakika 80, kuanzia saa 2:00 asubuhi kabla saruji haijapata joto
Mahali: Uwanja wa netiboli wa saruji

Umahiri unaokusudiwa

Mwanafunzi aeleze sini na kosini ya pembe yoyote kuwa ni mahali ilipo nukta juu ya duara, na atambue alama ya chanya au hasi bila kukariri. Wanafunzi hawa wanazijua sini na kosini kama uwiano wa pande za pembetatu mraba, na ndiyo sababu wengi wao hukwama wanapokutana na nyuzi 120, kwa kuwa pembetatu mraba haiwezi kuwa na pembe hiyo.

Zana

Kamba nane za katani, kila moja mita 2.5; chaki za rangi mbili; futi kamba nne; kipimapembe kikubwa cha ubao. Kamba za nailoni zisitumike, kwa sababu hunyumbuka zinapovutwa na kuharibu duara. Uwanja una urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25, hivyo maduara nane yenye kipenyo cha mita 4 yatachorwa bila kugusana.

Utangulizi (dakika 10)

Kila kundi la wanafunzi sita litafunga chaki kwenye ncha ya kamba, kisha litapima mita 2 kamili kutoka kwenye ncha ya chaki na kufunga fundo. Kupima baada ya kufunga ni muhimu, kwa kuwa fundo hula kamba. Mwalimu atatamka mapatano ya siku: urefu huu wa kamba tutauita moja. Mita zitatumika kupimia tu, na kila kipimo kitagawanywa kwa 2 kabla ya kuandikwa.

Ujenzi wa maarifa (dakika 45)

Mwanafunzi mmoja atashikilia fundo chini bila kulisogeza, na mwenzake atazunguka na chaki huku kamba ikiwa imekazwa. Kisha watachora mihimili ya x na y ikipita katikati. Pembe zote zitapimwa kutoka upande chanya wa x, kinyume cha mwendo wa saa.

Nyuzi 60 hazitapimwa kwa kipimapembe. Fundo litawekwa mahali duara linapokatana na mhimili wa x upande wa kulia, na kamba itanyooshwa hadi iguse duara upande wa juu. Hapo ndipo nukta P. Mwalimu aulize kwa nini pembe iliyopatikana katikati ni nyuzi 60, na asiwe na haraka ya kujibu. Wanafunzi wataona kwamba pande zote tatu za pembetatu iliyotokea ni kamba ileile. Kutoka P watateremsha mstari wima hadi kwenye mhimili wa x, nao utaangukia katikati kabisa, mita 1 kutoka kitovu, yaani kosini ni 0.5. Urefu wa wima utakaribia mita 1.73, na sini kuwa 0.87. Kwa kuwa hipotenusi ni moja, uwiano wa zamani unageuka kuwa urefu wenyewe: x ni kosini, y ni sini. Hiki ndicho kiini cha somo, na mwalimu asivuke hapa mpaka kila kundi limeeleza kwa maneno yake.

Baada ya hapo mwanafunzi mmoja atatembea juu ya duara akisimama kwenye nyuzi 90, 120, 180, 210 na 300, zilizopimwa kwa kipimapembe, na wenzake wataandika x na y kwa chaki ya rangi ya pili. Kwenye nyuzi 90 pembetatu inatoweka, lakini nukta bado ipo, na sini yake ni 1. Kwenye nyuzi 120 amevuka kwenda kushoto kwa mhimili wa y, hivyo kosini ni -0.5. Tofauti ya sentimita 5 katika kupima huleta kosa la 0.025, nalo linavumilika.

Kuimarisha (dakika 15)

Kila kundi litahakiki kwamba x² + y² = 1 kwa nukta mbili ilizopima, na litaeleza sababu kwa kutumia kanuni ya Pithagorasi. Kundi litakalomaliza mapema litalaza kamba juu ya mzingo na kuhesabu: itaingia mara sita, na kubaki sehemu ya karibu sentimita 57.

Tathmini (dakika 10)

Wanafunzi watageukia upande usio na maduara, na kila mmoja ataandika katika daftari lake majibu ya maswali matatu:

1. Pembe gani nyingine, kati ya 0 na 360, ina sini sawa na ya nyuzi 30?
2. Kosini ya nyuzi 200 ni chanya au hasi? Eleza nukta ilipo.
3. Kwa nini sini haiwezi kuwa 1.2?