Barua kwa Zuhura: kurudi kwenye mbio baada ya kuchanika kigimbi

Dada Zuhura,

Habari za tangu jana. Uliniuliza swali lile lile mara tatu: "Nianze lini kukimbia?" Sikukupa tarehe, na niliona umeondoka umenuna. Ndiyo maana nakuandikia, uwe na kitu cha kushika mkononi, na kocha wako naye asome.

Nianze na kilichokupata. Ulisema kwenye mzunguko wa 6 wa mita 400 ulihisi kama umepigwa jiwe kwa nyuma, hata ukageuka kutazama nani karusha. Wengi wanaochanika kigimbi hueleza vivyo hivyo. Shavu la mguu lina misuli miwili mikubwa. Wa nje una vichwa viwili na unaanzia juu ya goti. Wa pili ni mpana, umelala chini ya huo wa kwanza na unaanzia chini ya goti. Yote miwili huishia kwenye kano ya kisigino. Wewe umechanika ule msuli wa nje, kichwa chake cha upande wa ndani wa mguu, mguu wa kulia, pale nyama inapokutana na kano. Kwa nilivyopima ni daraja la 2: nyuzi nyingi zimekatika, lakini msuli haujakatika wote. Nilipokubinya kigimbi ukiwa umelala kifudifudi, unyayo wako ulisogea vizuri, kwa hiyo kano ya kisigino ni nzima. Na ule weusi uliokutisha karibu na kifundo ni damu iliyovilia juu, ikashuka. Si jeraha jipya.

Leo ni siku ya 12. Maumivu ya leo hayanisumbui sana. Ninachokiogopa ni wiki ya 3 au ya 4, utakapokuwa unatembea bila kuchechemea, hujisikii chochote, na wenzako wanakuita mkakimbie "kidogo tu". Maumivu huondoka kabla msuli haujapona. Kovu linakuwa bado changa, na kigimbi kizima kimelegea kwa kukaa bila kazi. Nimewatibu wakimbiaji waliochanika mara ya pili pale pale, na karibu wote waliniambia neno moja: "Nilikuwa sisikii maumivu." Nakuomba sana, usinirudie na neno hilo.

Kwa sasa, kazi yako ni kutembea. Weka kipande cha soli cha unene wa sentimita 1 chini ya kisigino, viatu vyote viwili, ili kigimbi kisivutwe sana. Usikinyooshe kwa nguvu na usikubali mtu akukande pale penye jeraha. Unafungua kile ambacho mwili unajaribu kushona. Mara 2 kwa siku, simama ukishika ukuta, inua visigino vyote viwili, bana sekunde 30, shuka polepole. Rudia mara 5. Ukiweza kutembea kwa haraka dakika 30 bila kuchechemea, na kushuka ngazi mguu baada ya mguu kama kawaida, tumemaliza hatua hii.

Hatua ya pili ni ya nguvu, na hapa ndipo nataka ukae muda mrefu kuliko unavyopenda. Jana mguu wako wa kushoto uliinua kisigino mara 27 bila kupumzika. Wa kulia haukuweza hata mara moja. Hilo pengo ndilo jeraha lako halisi. Utaanza kwa kupanda na miguu miwili na kushuka na ule wa kulia peke yake, kisha utapanda na kushuka nao peke yake. Siku moja fanya, siku moja pumzika. Nusu ya mazoezi goti likiwa limenyooka, nusu likiwa limekunjwa kidogo. Usiache yale ya goti kukunja kwa kuwa yanaonekana mepesi: goti likikunjwa, ule msuli wa nje hulegea na kazi humwangukia yule wa chini, ambaye ndiye hubeba mzigo mkubwa zaidi unapokimbia masafa. Chora alama ya penseli ukutani pale kichwa chako kinapofika ukiinuka kwa mguu mzima. Mguu wa kulia usipofika kwenye alama, hiyo haihesabiwi. Ukifikisha 25 za kweli, vaa mkoba wa kilo 5, halafu wa kilo 10. Pumzi usiihofie, baiskeli isiyo na mlima unaruhusiwa mapema, mradi kigimbi kisiume.

Baada ya hapo tutaruka. Kamba kwa miguu miwili, mizunguko 3 ya miruko 20, halafu mguu mmoja mmoja. Nitasikiliza zaidi ya kutazama, kwa sababu mguu usioaminika hutua kwa kishindo. Ukiruka mara 20 kwa mguu wa kulia, bila maumivu na bila woga, ndipo ukimbie.

Mbio za kwanza ni tambarare: kimbia dakika 1, tembea dakika 2, mara 8. Basi, rudi nyumbani hata kama unajisikia una nguvu za kuendelea. Kila baada ya siku moja ya kupumzika ongeza kidogo: 2 kwa 1, kisha 3 kwa 1, hadi ukimbie dakika 30 mfululizo. Halafu tutaongeza umbali. Umbali ukizoeleka, vilima. Kasi ije mwisho kabisa, na zile mita 400 ziwe za mwisho ndani ya mwisho. Usibadilishe mambo mawili katika wiki moja.

Kipimo chako cha kila siku ni hiki. Kwenye mizani ya 0 hadi 10, maumivu ya 2 wakati wa zoezi yanavumilika. Yakifika 4, acha siku hiyo. Lakini jibu la kweli utalipata asubuhi yake: ukishuka kitandani, inua visigino vyote viwili mara moja kabla hujavaa viatu, na mguu wa kulia ukishaweza peke yake, inua huo tu. Kigimbi kikiwa kigumu au kinauma kuliko jana, rudi hatua moja nyuma kwa siku 2. Usinywe dawa ya maumivu ili ufanye mazoezi. Utakuwa umeziba mdomo wa anayekuonya.

Kuna jambo moja lisilosubiri miadi. Kigimbi kikianza kuvimba upya, kikawa cha moto au chekundu, kikauma hata ukiwa umelala, nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana damu huweza kuganda kwenye mshipa baada ya jeraha kama hili. Ukibanwa na kifua au pumzi, nenda saa hiyo hiyo.

Sasa zile mbio zako za kilomita 21, zilizobaki wiki 7. Jeraha la daraja hili mara nyingi huchukua wiki 6 hadi 10 kabla ya kurudi kwenye mazoezi kamili, na mazoezi kamili si mashindano. Ushauri wangu ni uziache. Najua umezifanyia kazi tangu mwanzo wa mwaka, na sikuandikii hili kwa wepesi.

Tuonane Jumatatu saa 3 asubuhi. Njoo na viatu unavyokimbilia, vile vile vilivyochakaa, nione soli imelika upande gani.

Wako katika tiba,
Mwanaidi
Mtaalamu wa fiziotherapia