Kopo la Nyuma Kabisa

Umeme ulikatika Sinza tangu alfajiri, na kufikia saa tano friji la Idrisa lilikuwa linatiririsha maji sakafuni. Akachukua tambara, akaanza kutoa vitu: nyanya mbili, chupa ya maji, nusu mkate. Nyuma kabisa, mkono wake ukagusa kopo la aiskrimu lililofungwa mfuniko na kukazwa kwa mpira.

Hakulikumbuka. Anaishi peke yake. Nani angeliweka pale?

Alishika pumzi, akijua chakula kilichosahaulika kinavyonuka. Akafungua. Hakuna ukungu. Harufu kali ya ndimu, kitunguu saumu na pilipili ikampanda puani mpaka macho yakalenga machozi.

Achari ya bibi.

Alikuja kutoka Pangani mwezi wa pili kumwona mjukuu wake, akalala siku nne, akafagia hata uvungu wa kitanda. Siku ya kuondoka alisema, "Mume wangu, nimekuwekea kitu kwenye friji, usije ukala wali mkavu." Idrisa aliitikia huku akitazama simu. Arobaini ya bibi ilisomwa mwezi uliopita.

Ndimu zilikuwa zimelainika, rangi ya kahawia, zimepasuliwa nne nne bila kuachana, kama alivyozipasua daima.

Idrisa akaacha maji yaendelee kutiririka. Akabandika wali jikoni, kikombe kimoja, akakaa kwenye kigoda kuusubiri uive, kopo likiwa mapajani.