Jibu la ombi la kuhamia zamu ya asubuhi

Duka la Vitambaa na Kanga,
Darajani, Unguja.
1 Oktoba 2024

Bi Zuhura,

Assalamu alaykum.

KUH: OMBI LAKO LA KUHAMIA ZAMU YA ASUBUHI

Barua yako ya tarehe 26 Septemba nimeipata. Umeeleza kwamba mama amekwenda Wete kwenye karafuu, na tangu aondoke mtoto akitoka chuoni jioni hana wa kumpokea, nawe unafika Bububu na gari za 502 baada ya saa 3 usiku. Hilo si jambo dogo, na umefanya vyema kuliandika mapema.

Nasikitika kwamba sitaweza kukuhamishia zamu ya asubuhi moja kwa moja. Asubuhi tayari wapo watatu, na unawajua wateja wa saa 3: wengi huuliza bei wakapita. Sisi tunauza baada ya laasiri, watu wakitoka makazini, hadi Isha. Saa hizo mko wawili tu, na mwenzako ana miezi miwili kazini. Wiki iliyopita alimfungia mteja vipande viwili vya kanga vyenye majina mbalimbali, bibi wa watu akarudi navyo kutoka Fuoni (alicheka, alhamdulillahi). Kijana ni mwaminifu, lakini kumwachia droo na hesabu za kufungia peke yake bado ni mapema.

Haya ndiyo ninayoweza. Nimezungumza na Bi Asha, naye yuko tayari mbadilishane zamu kila Jumatatu na Jumatano mpaka mama arudi Unguja. Au, kama hilo halikufai, Jumanne na Alhamisi uingie saa 4 asubuhi utoke saa 11 jioni. Siku hizo nitafunga duka mimi na kijana. Chagua moja, kwani zote mbili kwa pamoja zitaniachia jioni nne bila wewe. Mshahara wako haubadiliki kwa lolote utakalochagua. Jumamosi na Jumapili zibaki kama zilivyo, maana umeandika kwamba dada yako huwa nyumbani siku hizo.

Bado una siku za likizo ya mwaka. Ukitaka kuchukua chache sasa, mpaka upate jirani wa kumwangalia mtoto zile siku zilizobaki, niambie tu. Na nafasi ya asubuhi ikitokea, nitakuuliza wewe kabla ya kumtafuta mtu wa nje.

Nijibu kabla ya Jumamosi tarehe 5, ili ratiba mpya ianze Jumatatu tarehe 7. Kama kuna jambo hukupenda kuliandika, nipo dukani kila siku baada ya adhuhuri, tutazungumza kule stoo.

Ukimpigia mama simu, nisalimie.

Wasalaam,

Khamis
Meneja wa duka