Makabidhiano ya mradi wa maji, Singida Vijijini

Dada, shikamoo.

Kisima kimekamilika, pampu ya sola imefungwa na tenki la lita 50,000 limesimama. Bomba kuu limefika shuleni. Bado kilomita 2 hadi zahanati na vituo 4 vya kuchotea maji.

Kinachoninyima usingizi ni floridi. Sampuli ya kwanza ilisoma miligramu 1.4 kwa lita, na kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Ya pili iko maabara. Tafadhali maji yasifunguliwe kabla ya majibu, hata ukisukumwa vipi. Watoto ndio watakaoharibika meno. Pia mabomba yafike kabla ya Novemba, kwani mvua zikianza lori halivuki korongo.

Mkandarasi anasubiri malipo ya hati ya tatu. Kazi nimeikagua, imebaki sahihi yako. Mama mwenye shamba chini ya tenki nilimwahidi fidia ya mashina 37 ya mihogo tuliyong'oa. Fedha zipo kwenye bajeti. Nakuomba umlipe yeye kwanza. Kamati ya maji inatudai mafunzo ya kusoma mita na kutunza daftari la mapato.

Funguo za pampu anazo mwenyekiti wa kamati. Simu yangu iko wazi.