Yah: Orodha ya marejeo ya tasnifu yako

Dar es Salaam,
14 Machi 2024

Mwalimu Zuhura,

Habari za kazi na za nyumbani. Rasimu yako ya tatu nimeimaliza jana usiku, na kabla sijasema lolote jingine nikwambie kwamba sura ya nne imesimama. Ulivyolieleza neno rafiki, kwamba tunasema "rafiki yangu amefika", kimilikishi kikabaki katika ngeli ya I/ZI huku kitenzi kikifuata A/WA, sijaona mwanafunzi wangu aliyelieleza kwa utulivu kama huo. Ndiyo maana sikubali kazi hii irudishwe kwa sababu ya kurasa zake za mwisho.

Nilikaa na penseli na rula nikapitia kila mabano yenye jina na mwaka, kisha nikalitafuta jina hilo kwenye orodha. Kazi 14 umezitaja ndani ya matini na hazimo kabisa katika orodha. Kazi 23 zimo katika orodha na hukuzitaja popote. Nyingine 9 zimo kote kuwili, lakini mwaka au jina halilingani. Uliponiandikia kwamba marejeo "yamebaki marekebisho madogo tu", naamini hukuwa umehesabu.

Nianze na mfano ulionisumbua zaidi. Ukurasa wa 37 umeandika (Massamba, 2004) unapofafanua jinsi irabu zinavyochopekwa katika maneno ya mkopo. Mwaka 2004 Massamba ana Kamusi ya Isimu na Falsafa ya Lugha, aliyoiandika peke yake. Mwaka huohuo kuna Fonolojia ya Kiswahili Sanifu, FOKISA, aliyoiandika na Kihore na Msanjila. Ulimaanisha kipi? Kwa maelezo yako nahisi ni FOKISA, lakini katika orodha umeweka kamusi peke yake. Msomaji atakayekufuata ataifungua kamusi, atakosa unachokisema, na atakuwa na haki ya kudhani umemsingizia mwandishi. Ukiandika Massamba, Kihore na Msanjila (2004), na kitabu hicho kikaingia kwenye orodha kwa majina hayohayo na kwa mpangilio huohuo, hakuna wa kupotea.

Mpangilio wa majina nao si pambo. Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu, SAMIKISA, ya 1999 ni ya Massamba, Kihore na Hokororo. Sarufi Maumbo ya Kiswahili Sanifu, SAMAKISA, ya 2003 inaanza na Kihore, ndipo Massamba na Msanjila. Vifupisho vimetofautiana herufi moja, waandishi wawili wanajirudia, na wewe ukurasa wa 52 umeandika "Massamba na wenzake (2003)". Hakuna kazi ya namna hiyo katika orodha yako, kwa sababu 2003 iko chini ya herufi K. Anayetafuta kwa jina la kwanza hatakipata kitabu hata akiwa amekishika mkononi.

Kuhusu Ashton, matini yako inasema 1944 na orodha inasema 1947. Najua ilivyotokea: toleo la kwanza ni la 1944, na nakala uliyoisoma ni ya toleo la pili. Andika mwaka wa nakala uliyoifungua, kote kuwili, kwa sababu namba za kurasa ulizotoa ni za nakala hiyo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 2004 umeiita ya TATAKI ndani ya matini na ya TUKI katika orodha. Jina la TATAKI limeanza 2009. Kitabu cha 2004 kibaki cha TUKI. Hinnebusch umemwandika kwa namna tatu. Shaaban Robert yuko kwenye S ndani ya matini na kwenye R ndani ya orodha. Mimi humweka kwenye R, lakini ukichagua S sitagombana nawe mradi ibaki S mwanzo hadi mwisho.

Sasa zile 23 ambazo hukuzitaja. Hapa naomba unisikilize vizuri, maana najua wengi hufundishwa kwamba orodha ndefu inaonyesha umesoma sana. Kitu tunachokidai katika idara ni marejeo, yaani kazi ulizozitegemea ndani ya maandishi haya. Bibliografia ya kila ulichowahi kukisoma ni kitu kingine, na hatukukiomba. Mtahini wa nje akikuta kazi ambayo haikutajwa popote, atajiuliza umeitoa wapi, na jibu la kwanza litakalomjia ni kwamba umenakili orodha ya mtu mwingine. Wewe siyo mtu wa hivyo. Nyingi kati ya hizo 23 ni mabaki ya aya tulizozifuta Septemba: aya zimeondoka, vitabu vikasahaulika nyuma. Lakini mtahini hakuwepo Septemba, atahukumu anachokiona.

Guthrie je? Umemtaja mara nne, na sidhani kama umemshika mwenyewe. Kama ulimsoma kupitia kitabu cha mwingine, sema hivyo ndani ya matini, na katika orodha aingie yule uliyemsoma. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kudai umefika mahali ambapo hukufika.

Nikueleze kwa nini nalishikilia jambo hili kiasi hiki. Nilipokuwa naandika shahada yangu ya uzamili, nilikuta katika tasnifu moja ya zamani hoja niliyokuwa naihitaji mno, yenye jina na mwaka ndani ya mabano. Nikageuza nyuma: haimo. Nilitumia karibu wiki mbili kwenye maktaba, kadi kwa kadi, kisha nikawauliza wazee wa idara. Sikuipata. Ikabidi niiache hoja nzima, kwa sababu sikuweza kuitegemea wala kuipinga. Aliyeandika hakuwa na nia mbaya, alisahau mstari mmoja tu. Kazi nyingi za lugha yetu zimechapwa nakala chache, nyingine zimekaa kwenye makabati ya idara zikisubiri mtu ajue zipo. Mstari wako katika orodha huenda ukawa njia pekee ya mwalimu wa Wete au Songea kujua kitabu fulani kipo, kimetoka wapi na kimechapwa na nani.

Fanya hivi. Usisahihishe kwenye skrini kwanza. Chapa orodha peke yake, kisha pitia matini ukurasa kwa ukurasa, na kila unapokutana na mabano weka alama kwenye orodha. Usisahau maelezo ya chini ya majedwali, humo nimekuta matatu. Ukimaliza, kisichokuwa na alama kifute au nionyeshe kinapostahili kuingia. Ndipo urudi kwenye kompyuta na utafute kila jina kwa Ctrl+F kuhakikisha tahajia na mwaka. Itakuchukua siku mbili nzima, kwa hiyo usiianze jioni baada ya vipindi umechoka.

Wale wasaidizi wako wa Pemba uliowahoji waache ndani ya matini na kiambatisho, kwa namba zao kama ulivyofanya. Hawaingii kwenye marejeo.

Njoo Alhamisi ya tarehe 28, saa nne asubuhi, na orodha yenye alama za penseli, hata kama haijawa safi. FOKISA yangu nimekuwekea mezani, maana ulisema ya maktaba ina kurasa zilizochanika.

Wasalimie wanafunzi wako wa kidato cha sita.

Msimamizi wako,
Dkt. Salma