Mwanaisha

Tunduma, usiku

Mke wangu mpenzi, mama Zubeda,

Asalaam aleikum. Leo tunatimiza miaka 12 ya ndoa nami niko kwenye foleni ya malori, nasubiri kuvuka kwenda Zambia. Keki siwezi kukuletea, na kitenge cha Nakonde utakipata nikirudi. Kwa leo pokea shairi. Nimelitunga ndani ya kebini kwa taa ya simu, nikihesabu mizani kwa vidole hadi utingo akadhani nahesabu madeni.

Lisome hivi: shika herufi ya kwanza ya kila ubeti, ushuke nazo kutoka juu hadi chini, utamkuta ninayemsifu. Kila ubeti una tabia yako moja. Macho sikuyagusa, wala mwendo, wala rangi. Hayo Ngamiani nzima inayaona na washairi wa taarabu wameshayamaliza. Mimi nimeandika yale ambayo mtu hayajui mpaka aishi nawe.

Dereva wa lori la nyuma amelisikia, sasa anataka nimpe alinakili ampelekee mkewe. Nimemwambia jina la mkewe lina herufi nyingine na tabia nyingine, akae chini atunge. Amenuna.

Msomee na mama, ila ule ubeti wa wifi yako uuruke akiwapo mwenyewe.

Mkweli wa cherehani, kitambaa hujaiba,
Kinachobaki mezani, kiwe kingi kiwe haba,
Warudisha mfukoni, cha kushonea mkoba,
Wenzio wa Ngamiani, wauliza utashiba,
Foleni ya mlangoni, ndiyo jibu la kushiba.

Wema wako huusemi, wautenda na kupita,
Sare za wana yatimi, shule zinapowaita,
Hukunieleza mimi, jirani akaniita,
“Deni lake halihami, hadi kufa sitafuta,”
Nikakuuliza mimi, ukajitia wapeta.

Amana kwako salama, kikoba umeshikishwa,
Sanduku la kina mama, kufuli tatu lavishwa,
Shilingi haijazama, hesabu haijabishwa,
Hata mimi nilokwama, mkopo nilizungushwa,
“Mdhamini ni lazima,” ukasema, nikakoshwa.

Ngangari usiye hofu, nami nilipo Tunduma,
Lori kwenye ndefu safu, mpakani limekwama,
Tanga mvua kwa sufufu, ukuta ukainama,
Ukambeba dhaifu, mgongoni, wangu mama,
“Ondoa,” wasema, “hofu, endesha gari salama.”

Asiyeweka kinyongo, ndiwe, wawaka wapoa,
Wifi yako kwa maringo, harusini kakutoa,
Alipoumwa mgongo, ni wewe ulomchua,
Pasi tone la usongo, ya harusi kufufua,
Mimi, sisemi uongo, bado sijamuachia.

Imani si ya fahari, sala wazisali ndani,
Wamka alfajiri, kwa kunyata, taa chini,
Ukifunga, ni kwa siri, chai wapika jikoni,
Dua zako za safari, zanishusha Kitongani,
Breki sawa, gia shwari, ila dua naamini.

Subira ya kufundisha, wanafunzi wa kushona,
Mmoja kaunganisha, shingo na mkono, bwana!
Mwingine angemtisha, kwa matusi na kununa,
Wewe ukafumulisha, “Tuanze tena, kazana,”
Leo huyo anatisha, ana duka, ana jina.

Heshima hupimi cheo, wote wapata salamu,
Muuza mkaa leo, na kesho yule hakimu,
Hakuna upendeleo, kiti ni kile, cha zamu,
Na mtoto wa kilio, wamwinamia, karimu,
Wazee: “Huyu mkeo, kalelewa kwa nidhamu.”

Acha nitaje na cheko, ucheshi usochujuka,
Umeme ukiwa mwiko, kizani visa vyazuka,
Waniiga kwa vituko, koromo linavyofoka,
Watoto hoi, vicheko, mbavu zao zavunjika,
Mama aangusha mwiko, na taa haijawaka.

Ni mimi mumeo,
baba Zubeda